Foleni Moja, Kazi Tatu

Aliyefaulu mtihani wa kwanza wa AWS, ule unaoitwa Cloud Practitioner, amethibitisha kwamba anaielewa lugha ya wingu: huduma zinafanya nini, bili inahesabiwaje, nani anawajibika kwa usalama wa kitu gani. Hajathibitisha kwamba anaweza kujenga chochote. Ngazi inayofuata ndiyo inayoanza kudai hilo, na hapo njia zinagawanyika, zikiwemo tatu hizi: msanifu wa mifumo, msanidi programu na msimamizi wa mifumo.

Wengi hukimbilia usanifu kwa sababu tu ndio wanaousikia. Badala ya kulinganisha majina, ni afadhali kuangalia kitu kimoja jinsi watu hawa watatu wanavyokishika.

Tuchukue mfano wa kampuni ya mabasi ya mikoani inayouza tiketi mtandaoni. Desemba inapofika, maombi yanamiminika, na tovuti inazidiwa. Msanifu ndiye anayependekeza kwamba tovuti isisubiri malipo yakamilike. Kila ombi liingizwe kwenye foleni ya SQS, kisha programu nyingine ilichukue kwa wakati wake. Anapima pia kama foleni ya kawaida inatosha au inahitajika ile inayolinda mpangilio, kama hifadhidata iwe na pacha katika kituo kingine ili kimoja kikizima safari ziendelee, na yote hayo yatagharimu kiasi gani. Mtihani wake, Solutions Architect – Associate, unafuata mkondo huohuo. Mara nyingi majibu kadhaa yangefanya kazi. Swali linataka jibu lililo nafuu zaidi, au lenye usumbufu mdogo wa uendeshaji. Hauhitaji kuandika programu, na kwa hiyo unawafaa washauri wa wateja, wahandisi wa mauzo na viongozi wa miradi ya kuhamishia mifumo kwenye wingu.

Foleni ikishajengwa, malalamiko yanaanza: abiria fulani amekatwa nauli mara mbili.

Hapo anaitwa msanidi. Programu ikichukua ujumbe kwenye SQS, ujumbe haufutiki. Unafichwa tu, na muda wa kawaida wa kufichwa ni sekunde 30. Abiria ametumiwa ombi la kuweka namba ya siri kwenye simu, naye anachukua sekunde 45 kwa sababu anaitafuta miwani. Sekunde ya 30 ujumbe unaibuka tena, nakala ya pili ya programu inaudaka, na simu inaita kuomba malipo mengine. Dawa ya kwanza ni kuongeza muda wa kufichwa, ambao unaweza kufika saa 12. Hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa foleni ya kawaida inaweza kufikisha ujumbe uleule zaidi ya mara moja hata bila kosa la mtu. Programu lazima ihifadhi namba ya ombi, na kabla ya kudai pesa ikague kama ombi hilo limekwishashughulikiwa. Mambo ya aina hii ndiyo chakula cha mtihani wa Developer – Associate. Asiyeandika programu kila wiki atayakariri leo na kuyasahau kesho.

Msimamizi naye anakutana na foleni ileile saa nane za usiku. Seva zinaonekana zimetulia, kichakato hakifiki hata robo ya uwezo wake, lakini tiketi hazitoki. Programu hazifanyi hesabu. Zinasubiri mtandao wa malipo ujibu. Aliyeweka kengele kwenye matumizi ya kichakato hatasikia kitu. Aliyeiweka katika CloudWatch kwenye kipimo cha `ApproximateAgeOfOldestMessage` ataona ujumbe mkongwe ukizidi kuzeeka, dakika tano, kumi, ishirini, muda mrefu kabla abiria hawajaanza kupiga simu. Njia hii ilijulikana kama SysOps Administrator. Tangu 2025 mtihani wake unaitwa CloudOps Engineer – Associate. Anayetoka kwenye dawati la msaada wa kompyuta, usimamizi wa Linux au mitandao ya ofisi atajiona yuko nyumbani, na kwa maoni ya mwandishi huyu, ndiyo njia inayodharauliwa bila sababu.

Mitihani yote mitatu ina maswali 65 kwa dakika 130, alama ya kufaulu ni 720 kati ya 1000, na cheti hudumu miaka mitatu. Ada ni dola 150, lakini aliyefaulu ngazi ya awali hupewa punguzo la nusu kwa mtihani unaofuata. Na ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza anaweza kuongezewa dakika 30, ili mradi aombe kabla ya kupanga tarehe ya mtihani.