Kesi iko mahakamani, je, deni liingie kwenye hesabu?

Julai 2017 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikimiliki migodi ya dhahabu ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara, ilitangaza kuwa imepokea makadirio ya kodi kutoka Mamlaka ya Mapato Tanzania. Jumla yake ilikuwa takriban dola bilioni 190. Kodi yenyewe ilikuwa kama bilioni 40, na bilioni 150 zilizobaki zilikuwa riba na adhabu. Vijiweni watu walilipigia hesabu deni hilo, kila Mtanzania angepata kiasi gani. Ndani ya kampuni swali lilikuwa jingine: mwaka ukifungwa, bilioni 190 ziandikwe wapi?

Hazikuingia kwenye mizania kama deni. Kampuni iliyapinga makadirio hayo, na dai likaelezwa katika maelezo yanayoambatana na hesabu. Lakini Oktoba mwaka huohuo kampuni mama, Barrick, ilitangaza pamoja na Serikali mfumo wa makubaliano uliotaja malipo ya dola milioni 300 kumaliza mvutano. Hesabu za Barrick za mwaka 2017 zikabeba gharama ya kodi ya dola milioni 172 iliyotokana na mfumo huo. Dai la mabilioni likabaki katika maelezo, na kiasi kidogo mno kulinganisha na dai hilo kikakatwa kwenye matokeo ya mwaka.

Kwa msomaji wa kawaida hilo linaweza kuonekana kama mazingaombwe. Kwa mkaguzi ni kanuni: ukubwa wa dai haumwambii chochote kuhusu mahali pa kuliandika. Anayedai anaweza kutaja kiasi chochote apendacho.

Kanuni yenyewe imo katika kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 37, kilichotolewa mwaka 1998. (Kodi ya mapato ina kiwango chake, IAS 12, lakini nacho hurudi IAS 37 panapohusika kutoa maelezo ya madai ya kodi yasiyo na uhakika.) IAS 37 inamtaka mwenye hesabu ajibu maswali matatu. Je, kuna jambo lililokwisha kutokea ambalo limeifunga kampuni kulipa? Je, uwezekano wa kulipa ni mkubwa kuliko wa kutolipa? Na je, kiasi kinaweza kukadiriwa kwa njia ya kuaminika? Yote matatu yakijibiwa ndiyo, kampuni inaweka tengo, yaani inaandika deni kwenye mizania na kupunguza faida ya mwaka, hata kama bado haijatoa senti. Tengo si fedha zilizowekwa pembeni benki. Ni deni lililokubalika, ila tarehe ya kulipa au kiasi kamili bado havijajulikana.

Jibu moja likikosekana, tunabaki na deni tarajiwa, ambalo huenda likaja na huenda lisije. Hilo haligusi faida. Linaelezwa tu: ni dai gani, linaweza kufikia kiasi gani, shaka iko wapi. Na uwezekano wa kulipa ukiwa finyu kabisa, hata maelezo hayahitajiki.

Kwenye karatasi ni rahisi. Ugumu unaanza mkaguzi anapokaa na mwenye kampuni. Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni ya mabasi yaendayo mikoani, inayofunga hesabu 31 Desemba ikiwa na faida ya shilingi milioni 310. Novemba basi lake moja liliacha njia na kupinduka. Abiria waliojeruhiwa wamefungua kesi wakidai milioni 900. Mkurugenzi anamwambia mkaguzi, “Ndugu yangu, hakimu hajasema kitu. Deni litakuwepo akihukumu.”

Hapo ndipo wengi huteleza. Hukumu haizai wajibu, hukumu inauthibitisha. Kama wajibu upo, umezaliwa na ajali, na ajali imetokea kabla ya mwaka kufungwa. Mkaguzi anaomba kumbukumbu za kifaa cha kufuatilia mwendo wa basi, na zinaonyesha kilomita 96 kwa saa, wakati sheria inaruhusu basi la abiria kilomita 80. Anasoma ripoti ya polisi. Kisha anataka maoni ya wakili wa kampuni, ambaye anaandika kwamba kampuni ina uwezekano mkubwa wa kushindwa, na kwamba kwa majeraha ya aina hii fidia itakuwa kati ya milioni 200 na 280, inayoelekea zaidi ikiwa 240.

Maswali matatu yamejibiwa. Tengo ni milioni 240. Haliwi 900 kwa sababu ndicho kiasi kinachodaiwa, wala haliwi sifuri kwa sababu kesi haijaisha. Kwa dai moja kama hili, matokeo yanayoelekea zaidi ndiyo huwa makadirio.

“Lakini bima italipa,” anasema mkurugenzi. Kweli, na kampuni ya bima imethibitisha kwa barua kuwa itafidia milioni 150. Fedha hizo zinaweza kuandikwa kwa sababu karibu hakuna shaka kuwa zitapatikana, ila ziandikwe peke yake upande wa mali. Deni libaki 240 kwenye mizania, lisipunguzwe hadi 90, kwani bima ikigoma, abiria wataidai kampuni. Kwenye hesabu ya faida ndipo inaruhusiwa kuonyesha gharama halisi ya milioni 90, na faida inashuka hadi milioni 220. Bima ingekuwa bado inabishana, hiyo 150 isingeandikwa hata kidogo.

Dai la pili ni la meneja aliyefukuzwa kazi, aliyelalamika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi akitaka milioni 60. Barua ya onyo ipo, kikao cha nidhamu kilifanyika na muhtasari wake una saini yake. Wakili anaona kampuni inaelekea kushinda, lakini hakosi wasiwasi kuhusu siku za notisi. Hili haliandikwi kama deni. Linaelezwa tu.

La tatu linakuja kutoka upande usiotarajiwa. Kwa kuwa mwaka ulikuwa mzuri, mkurugenzi anataka kutenga milioni 80 za matengenezo makubwa ya injini mwaka ujao. Anaonekana mtu mwangalifu, lakini mkaguzi anakataa. Hakuna aliyeifunga kampuni kufanya matengenezo hayo. Inaweza kuuza mabasi kesho na wajibu usiwepo. Matengo ya namna hii ni njia ya zamani ya kuficha faida ya mwaka mnono ili iibuliwe mwaka wa njaa, na mwenye hisa akaona biashara tulivu isiyokuwepo. Kwa hiyo kazi ya mkaguzi si kusukuma kila kitu kiwe deni. Kosa la kuandika kisichostahili ni kosa sawa na la kuficha kinachostahili.

Hadi hapa tumezungumzia madai ambayo mkurugenzi mwenyewe ameyataja. Hatari kubwa zaidi ni yale asiyoyataja, kwa kuwa deni lililofichwa haliachi hati kwenye kabati la wahasibu. Kiwango cha ukaguzi ISA 501 kinamtaka mkaguzi aulize uongozi, asome mihtasari ya bodi na barua za mawakili, na apekue akaunti ya gharama za kisheria. Hiyo ya mwisho ndiyo mara nyingi husema ukweli. Katika kampuni yetu, kwenye akaunti hiyo kuna malipo ya milioni nne kwa ofisi ya mawakili isiyo kwenye orodha ya kesi. Mkaguzi anauliza, na inabainika kuna mgogoro wa kiwanja ilipo karakana. Labda ulisahauliwa, labda ulifichwa. Vyovyote vile, sasa lazima upimwe kwa maswali yaleyale. Mkaguzi makini pia hutafuta jina la kampuni kwenye TanzLII, mtandao unaochapisha hukumu za mahakama za Tanzania.

Ukiwepo mgogoro wenye uzito, uongozi huandaa barua kwa wakili wa nje, lakini mkaguzi ndiye huituma, na jibu huja kwake moja kwa moja ili lisipite mikononi mwa mwenye hesabu. Barua nzuri huorodhesha kesi, tathmini ya uongozi na makadirio ya fedha, kisha humuuliza wakili kama anakubaliana. Tatizo ni kwamba mawakili huandika kwa tahadhari. “Tunaamini mteja wetu ana utetezi mzuri” haimwambii mkaguzi kama uwezekano wa kulipa ni mkubwa au mdogo. Jibu likiwa hivyo, anaomba kikao na wakili huku uongozi ukiwepo. Pia anarudi nyuma na kuangalia kesi za miaka iliyopita: kampuni ilikadiria kiasi gani, na mwishowe ililipa kiasi gani? Uongozi uliokadiria chini kila mara hauaminiwi kirahisi mara hii. Uongozi ukimzuia kuonana na wakili, au wakili akikataa kujibu, na ushahidi mwingine usipatikane, mkaguzi hana budi kubadili maoni yake katika ripoti.

Kalenda nayo ina sauti. Tuseme Februari, kabla hesabu hazijasainiwa, mahakama inawapa abiria milioni 265. Tengo linapandishwa kutoka 240 hadi 265, kwa sababu hukumu imefafanua hali iliyokuwepo Desemba. Lakini ajali ingetokea Januari, hesabu za mwaka uliopita zisingeguswa. Kama ni kubwa, ingeelezwa tu.

Limebaki pingamizi moja la wakurugenzi ambalo si la kupuuzwa: “Nikiandika 240, wapinzani wetu watajua nimejiandaa kulipa kiasi gani.” IAS 37 inalikubali kwa nadra sana. Pale ambapo kufichua kungeiumiza vibaya kampuni katika shauri, inaruhusiwa kunyamazia baadhi ya taarifa, mradi ieleze aina ya mgogoro na sababu ya kunyamaza. Ruhusa hiyo ni ya maelezo peke yake. Deni lililotimiza masharti lazima liingizwe kwenye mizania, hata kama linajumlishwa na matengo mengine ya aina hiyo.

Kwa hiyo wewe mwenye hisa, mwanachama wa SACCOS au mjumbe wa bodi, usiishie kwenye mstari wa faida. Fungua maelezo yanayohusu matengo na madeni tarajiwa, uyalinganishe na ya mwaka jana. Tengo lililotoweka lilipwe kwa kiasi gani, au lilifutwa kwa sababu gani? Kesi unayoisikia mtaani mbona haimo? Gharama za mawakili zimepanda na orodha ya kesi imebaki ileile? Kwenye mkutano mkuu una haki ya kuuliza, na mkaguzi aliyefanya kazi yake anajua jibu.