Embe Ndani ya Wembe

Andika WEMBE kwenye karatasi, kisha funika herufi ya kwanza kwa kidole. Limebaki embe. Wengi wetu tumeshika wembe miaka mingi bila kuliona tunda hilo, kwa sababu jicho la msomaji wa Kiswahili hufuata silabi: we-mbe. Neno linaloanzia katikati ya silabi hupita bila kuonekana, na hapo ndipo mtunzi wa mafumbo anapochimba.

Kwa hiyo anza na neno dogo linaloanza kwa irabu, ulipachikie konsonanti moja moja kwa kufuata alfabeti. Kwa embe utapata chembe, jembe, pembe, sembe, tembe na wembe. Ukiisha, ongeza herufi nyuma pia: bembea, tembea. Kwa njia hiyo hiyo utakuta imba ndani ya simba na anga ndani ya karanga.

Katika orodha hiyo mwembe haumo, ingawa embe limo ndani yake herufi kwa herufi. Mwembe ni mti wa embe. Maneno hayo ni ndugu, na ndugu hajajificha. Kiswahili kina viambishi vingi mno, kiasi kwamba anapika ina pika na mchezaji ina cheza nzima. Ukiruhusu hayo, mchezo umekwisha kabla ya kuanza. Mimi hukubali neno dogo pale tu ambapo maana yake haina uhusiano wowote na neno kubwa.

Kuna linalodanganya, nalo ni kitabu. Ukiondoa ki- inabaki tabu, na kwa kuwa wingi wake ni vitabu, mchezaji atalikataa akidhani ni kiambishi. Lakini neno hili lilitoka Kiarabu likiwa na ki yake tayari, na tabu ilitoka kwenye mzizi mwingine wa Kiarabu. Hapo neno limejificha kwa haki.

Ugomvi mkubwa huzuka kwenye ch na sh. Chama ina hama, shati ina hati, chapa ina hapa. Kwenye karatasi herufi zipo. Kwa sikio hazipo, kwa maana ch ni sauti moja. Wanaocheza kwa mdomo wazikatae, wanaoandika wazikubali, mradi wapatane kabla ya fumbo la kwanza.

Maneno yanayojirudia nayo yafunguliwe katikati, pale kipande cha kwanza kinapokutana na cha pili: barabara ina raba, katakata ina taka.

Ukishapata neno, tunga kidokezo kinachogusa maana zote mbili. “Hunyoa ndevu, na tumboni mwake mna tunda” ni wembe. Ninalolipenda kuliko yote ni hili: “Kiungo cha chai kilichobeba kosa la jinai.” Andika TANGAWIZI, kisha funika herufi tano za mwanzo.