Fomu Foo wa Thika na Ruiru, Hivi Ndivyo Unashika Mgeuko wa Soneti Kabla Ikule Maksi Zako

Kama uko fomu foo, iwe ni Thika mjini, Juja ama Ruiru, unajua pepa ya tatu ya Kiswahili ya KCSE ni Fasihi. Maswali manne, kila moja alama 20, saa mbili na nusu. Ukigawanya hiyo saa vizuri, shairi linapata kama dakika 37. Sasa ukipatana na shairi lenye mishororo 14, halijakatwa beti, wasee wengi huandika "ni soneti kwa sababu ina mishororo 14", wanachukua hako ka-alama kamoja, halafu wanasonga. Maksi zenye uzito wanaziacha hapo mezani. Hizo ziko kwa mgeuko.

Tuelewane kwanza hii kitu ni gani. Soneti ilianzia Sisilia huko Italia, karne ya 13, na baadaye Petrarka ndiye aliifanya ijulikane sana. Disaini yake inagawanya shairi mara mbili. Mishororo minane ya kwanza inaitwa okteti, sita ya mwisho inaitwa sesteti. Okteti inaleta hali fulani, shida ama swali. Sesteti inakuja na msimamo mwingine juu ya hiyo hiyo hali. Pale katikati ndipo shairi linageuka.

Picha ni hii. Umetoka Thika na mat unaelekea Nairobi. Ukifika Ruiru dere anaingia baipasi ya mashariki. Gari ni ile ile, abiria ni wale wale, lakini sasa mnaelekea Mombasa Road. Huo ndio mgeuko. Dere akikwepa shimo kidogo halafu arudi kwa leni yake, hiyo si mgeuko. Shika hiyo tofauti, tutaihitaji sasa hivi.

Shida yetu ni kwamba tumelelewa na shairi la kawaida la Kiswahili. Beti za mishororo minne, kibwagizo kinarudi kila mwisho wa ubeti, na macho yako yamezoea kukimbia huko chini kutafuta maneno yanayorudiwa. Soneti haina hiyo tabia. Haikurudishi ulikotoka. Kwa hivyo usianze kwa kutafuta kibwagizo, utapoteza dakika tano bure.

Twende kazi sasa. Hii hapa ni soneti nimeiandika ya mazoezi, ya hapa hapa kwetu:

Mama huamka usiku gizani,
Jiko huliwasha, na moshi hufuka,
Mandazi hupika, unga humwagika,
Lakini huimba wimbo wa zamani.
Magari hupita, yaenda mjini,
Wasafiri wote macho hufunika,
Makanga hucheka, vumbi hutimka,
Nami hujificha kule kibandani.
Leo niko Thika, chumba cha darasa,
Moshi unanuka kwenye shati langu,
Karo ya muhula imelipwa sasa
Kwa sarafu zako, ewe mama yangu.
Narudi Ruiru, wala sitasusa,
Nikae jikoni, moshi uwe wangu.

Chukua penseli. Kitu ya kwanza, weka namba 1 hadi 14 upande wa kushoto. Usiruke hii hatua ukidhani ni ya watoto. Baadaye utaandika "mshororo wa kumi" kwa jibu, na ukihesabu kwa macho ukiwa na presha utaandika wa tisa.

Pili, nenda upande wa kulia uandike herufi ya kina cha mwisho. Kina cha kwanza kiite A, kipya kikija kiite B, na kadhalika. Hapa unapata gizani A, hufuka B, humwagika B, zamani A. Halafu mjini A, hufunika B, hutimka B, kibandani A. Hadi hapo shairi linazunguka kwa -ni na -ka tu. Ukifika mstari wa tisa, bam, -sa. Kisha -ngu. Hizo ni C na D, na zinapishana hadi mwisho. Okteti ni ABBAABBA, sesteti ni CDCDCD. Chora laini nyepesi kati ya 8 na 9.

Lakini hiyo laini bado ni ya kubahatisha. Vina vinakuambia mahali pa kuangalia, haviwezi kukuambia shairi limebadilisha nini. Hapa ndipo wengi husimama, na ndio maana majibu yao yote hufanana.

Tatu, cheki vitenzi. Kwa okteti piga mstari chini ya kila "hu-": huamka, huliwasha, hufuka, hupika, huimba, hujificha. Ni hali ya mazoea, kila siku mambo ni yale yale. Mstari wa tisa unaanza na "Leo". Hiyo "hu-" inapotea kabisa, hairudi hata mara moja. Badala yake kuna "niko", kuna "imelipwa", kuna "narudi". Zungushia "Leo" duara, kando yake uandike: mazoea → sasa.

Nne, uliza nani anaongeleshwa. Mstari wa kwanza mama ni mtu wa mbali, anazungumziwa tu. Mstari wa 12 msemaji anamgeukia uso kwa uso: "sarafu zako, ewe mama". Andika kando: yeye → wewe. Hii ni ya maana sana kwa shairi hili, kwa sababu huyu kijana alikuwa anajificha mama asionekane ni wake. Sasa anamuita mama yangu bila aibu. Manze, hapo ndipo shairi lote limelala.

Tano, tafuta kitu kimoja kinachotokea pande zote mbili. Hapa ni moshi. Mstari wa 2 unafuka tu hewani. Mstari wa 10 uko kwa shati lake, umemfuata hadi darasani Thika. Mstari wa 14 anautaka uwe wake. Unganisha hizo tatu na mshale mrefu kando ya shairi. Kitu ni kile kile, maana yake ndio imegeuka, kama lile gari letu pale Ruiru.

Mwisho, andika neno moja kubwa kando ya okteti na lingine kando ya sesteti. Mimi ningeandika AIBU na SHUKRANI. Ukikosa maneno mawili, bado hujaelewa shairi, soma tena kabla ujibu. Hii kazi yote ikuchukue dakika saba ama nane, si zaidi. Na kumbuka hizo alama za penseli ni zako wewe. Mtahini anasahihisha kile umeandika kwa jibu.

Sasa turudi kwa lile shimo la barabarani. Umeona kuna "Lakini" mstari wa 4? Nimeiweka makusudi. Msee mwenye amekaririshwa kwamba "mgeuko huja na neno lakini" ataizungushia duara haraka, aseme shairi limegeuka hapo. Cheki kinachofuata: mstari wa 5 bado ni "hu-", vina bado ni vile vile, msemaji bado amejificha. Hiyo "lakini" imegeuza mstari mmoja tu, mama ana kazi ngumu lakini anaimba. Shairi limerudi kwa leni yake. Na pale mgeuko wa kweli uko, neno "lakini" halipo kabisa.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Funika mistari sita ya mwisho na kiganja, usome okteti peke yake. Jiulize, shairi likiishia hapa, msemaji ni mtu gani? Hapa ni kijana anayemuonea mama yake aibu. Kisha toa kiganja. Ukiona lile jibu lako limeharibika kuanzia mstari fulani, mgeuko uko hapo. Jaribu hivyo na mstari wa 4 uone: ukikata shairi hapo hakuna kinachoharibika.

Swali likija, "Eleza mgeuko unaojitokeza katika shairi hili", jibu hafifu ni hili: "Shairi lina mgeuko katika mshororo wa tisa kwa sababu ni soneti." Umetaja mahali, hujaeleza chochote. Jibu lililokamilika linasema limetoka wapi, limeenda wapi, na linaonyesha ushahidi. Kama hivi: "Mgeuko unatokea katika mshororo wa tisa. Katika okteti nafsineni anamwonea mama yake aibu na hujificha wakati magari yanapopita (mshororo wa 8). Kuanzia neno 'Leo' anatambua kuwa kazi ile ndiyo iliyomlipia karo, na aibu inakuwa shukrani. Mabadiliko haya yanaonyeshwa na kutoweka kwa hali ya mazoea 'hu-', kumwita mama moja kwa moja katika mshororo wa 12, na vina kubadilika kutoka -ni na -ka hadi -sa na -ngu." Ona vina vimekuja mwisho, kama shahidi wa kusaidia. Pia ona hakuna Sheng hapo ndani. Hapa tunapiga stori, kwa mtihani unaandika sanifu.

Kuna soneti zitakuhangaisha. Ukikutana nazo kwa shairi la pepa ya pili ya Kiingereza, usilazimishe mgeuko ukae mstari wa tisa. Milton, kwa ile soneti yake maarufu kuhusu kupofuka, anageuza shairi katikati ya mstari wa nane, kabla okteti iishe. Vina vinasema tisa, maana inasema nane. Fuata maana, useme wazi mgeuko umekuja mapema kuliko vina. Kisha uliza ni kwa nini: kwake, sauti ya subira inakatiza malalamiko kabla yamalizike.

Shakespeare naye ana disaini ingine. Soneti zake 154 zilichapishwa 1609, na karibu zote ziko na mafungu matatu ya mistari minne, halafu miwili ya kufunga: ABAB CDCD EFEF GG. Ukiona GG chini kabisa, chora laini mbili, moja baada ya 8 na nyingine baada ya 12, halafu tumia kiganja kwa zote mbili. Wakati mwingine shairi linageuka pale 9, na ile miwili ya mwisho inafunga tu. Wakati mwingine mistari 12 yote inaenda njia moja, halafu ya 13 ndiyo inakata kona.