Kamisheni ya Muuzaji Ndani ya ERP: Ankara Iliyolipwa, Lengo la Mwezi na Mzigo Uliorudi

Kamisheni ya mauzo inayolipwa kwa pesa iliyoingia hutegemea tarehe tatu ambazo ni nadra kuangukia mwezi mmoja: siku ankara ilipotolewa, siku mteja alipolipa, na siku sehemu ya mzigo iliporudi ghalani. Mwenye duka anayechukua mali kauli tarehe 20 Machi anaweza kulipa nusu wiki mbili baadaye, akamaliza mwezi Mei, na katikati akarudisha katoni kumi za sabuni zilizolowa. Mfumo wa ERP huandika matukio yote hayo kwa usahihi, kila moja kwenye hati yake. Ugumu uko katika kuyaunganisha ili muuzaji apate haki yake bila kampuni kulipa kwa mali ambayo haikuuzika.

ERPNext, mfumo unaotolewa kwa leseni huria, unaonyesha ugumu huo vizuri. Ankara yake, `Sales Invoice`, ina jedwali liitwalo `Sales Team`, ambamo muuzaji au wauzaji hutajwa pamoja na mchango wa kila mmoja, na michango hiyo lazima ifikie asilimia 100. Mfumo huchukua sehemu ya muuzaji, huizidisha kwa kiwango chake cha kamisheni, na huandika jibu kwenye safu ya `Incentives`. Lakini hesabu hiyo hufanyika pale pale ankara inapoandikwa. Haisubiri shilingi kuingia, wala haiulizi kama lengo la mwezi limefikiwa. Kampuni inayolipa kamisheni kwa kufuata safu hiyo peke yake inalipa kwa ahadi za wateja, na katika biashara ya jumla inayokopesha kwa siku 30 hadi 60, ahadi ni nyingi kuliko pesa.

Kazi ya kwanza basi ni kuhamisha chanzo cha hesabu kutoka kwenye ankara hadi kwenye malipo. Mteja anapolipa, mhasibu huandika `Payment Entry` na kuonyesha ni ankara zipi zinazolipwa na kila moja inapata kiasi gani. Kiasi hicho, kiitwacho `allocated_amount`, ndicho msingi wa kamisheni. Malipo ya Machi, kwa mfano, hupatikana hivi:

```sql
SELECT per.reference_name, per.allocated_amount, pe.posting_date
FROM `tabPayment Entry Reference` per
JOIN `tabPayment Entry` pe ON pe.name = per.parent
WHERE pe.docstatus = 1
  AND per.reference_doctype = 'Sales Invoice'
  AND pe.posting_date BETWEEN '2025-03-01' AND '2025-03-31';
```

Sharti la `docstatus = 1` huacha nje malipo ambayo hayajathibitishwa na yale yaliyofutwa, kama hundi iliyokataliwa na benki. Kishawishi kikubwa hapa ni kutumia njia fupi: kutafuta ankara ambazo deni lake limefika sifuri na kuzihesabu kuwa zimelipwa. Njia hiyo hudanganya, kwa sababu deni hufika sifuri kwa sababu nyingi. Huenda mzigo wote umerudi, huenda mteja amesamehewa salio, huenda deni limefutwa baada ya duka kufungwa. Katika hali zote hizo hakuna pesa iliyoingia, na muuzaji hana cha kudai.

Mteja hulipa pamoja na VAT, ambayo ni ya serikali na haistahili kamisheni. Kwa Tanzania Bara kiwango cha kawaida ni asilimia 18, hivyo wengi hugawa kila malipo kwa 1.18. Hilo linafaa pale tu bidhaa zote za ankara zinapotozwa kodi. Ankara yenye bidhaa zilizosamehewa ikichanganywa na nyingine itatoa jibu la uongo. Salama zaidi ni kutumia uwiano wa ankara yenyewe, yaani jumla kabla ya kodi kugawanywa kwa jumla baada ya kodi, na kuuzidisha kwa kila kiasi kilicholipwa.

Mfano wa kubuni wa msambazaji wa sabuni jijini Dar es Salaam unasaidia kuona yanayofuata. Muuzaji wa njia ya Mbagala amewekewa lengo la shilingi 40,000,000 kwa mwezi, kabla ya kodi. Asipolifikia hupata asilimia 1 ya pesa iliyokusanywa. Akilifikia hupata asilimia 2. Machi aliuza kwa ankara za shilingi 42,000,000. Lengo limefikiwa, na kiwango cha asilimia 2 kinashikamana na ankara zote za Machi hata kama zitalipwa Juni. Huu ndio mgawanyo wa kazi unaofaa: ankara huamua kiwango, malipo huamua wakati wa kulipa. Kampuni zinazopima lengo kwa makusanyo nazo zipo, lakini huko muuzaji huvuna Aprili alichopanda Februari, na lengo halisemi tena lolote kuhusu juhudi za mwezi husika.

Machi wateja walilipa shilingi 29,500,000. Bila VAT ni 25,000,000, na kamisheni yake ni 500,000. Aprili walilipa 11,800,000 kwa ankara zile zile za Machi. Bila kodi ni 10,000,000, na kamisheni 200,000. Kufikia hapo muuzaji amepokea 700,000 kwa mauzo ya Machi, na shilingi 7,000,000 bado ziko mikononi mwa wenye maduka.

Mwishoni mwa Aprili duka moja linarudisha sabuni za shilingi 3,000,000 kabla ya kodi, kutoka kwenye ankara ya Machi. Katika ERPNext urejeshaji huandikwa kama ankara mpya yenye idadi hasi, `is_return` ikiwa 1, na `return_against` ikitaja ankara ya awali. Kiungo hicho cha mwisho ni muhimu kuliko kinavyoonekana. Mhasibu mwenye haraka akiandika hati ya kurudisha mzigo isiyotaja ankara yoyote, hesabu ya mteja itakuwa sawa, lakini hakuna atakayejua mzigo huo uliuzwa na nani, mwezi gani, wala kwa kiwango gani cha kamisheni.

Ikiwa ankara ile ilikuwa haijalipwa, hakuna cha kudai kwa muuzaji. Deni la mteja limepungua, na kamisheni ambayo ingekuja haitakuja. Ikiwa ilikuwa imelipwa, asilimia 2 ya 3,000,000, yaani shilingi 60,000, zinatakiwa kurudi, kwa kiwango kile kile zilicholipwa, si kwa kiwango cha mwezi wa urejeshaji. Na mteja akitumia thamani ya mzigo huo kuchukulia bidhaa nyingine, ankara mpya inastahili kamisheni kana kwamba imelipwa taslimu, kwa kuwa ni pesa yake ile ile imehama. Mifumo mingi iliyoundwa haraka hukata upande wa kwanza na kusahau wa pili, na wauzaji huwa wa kwanza kugundua.

Sehemu inayozua ugomvi zaidi ni lengo. Toa 3,000,000 kwenye 42,000,000, zinabaki 39,000,000, chini ya lengo. Je, muuzaji bado alilifikia? Kampuni ikiamua kuwa mzigo unaorudi hupunguza mauzo ya mwezi uliorudi, lengo la Machi linabaki limefikiwa, muuzaji anarudisha 60,000, na Aprili inaanza na upungufu wa milioni tatu. Ikiamua kuurudisha Machi, kiwango cha Machi yote kinashuka hadi asilimia 1. Makusanyo halali sasa ni 32,000,000, kamisheni yake 320,000, na muuzaji aliyepokea 700,000 anadaiwa 380,000. Mzigo ni ule ule. Tofauti imetokana na kanuni tu.

Njia ya kwanza ni pole lakini ina mlango wa nyuma. Muuzaji aliyebakiza milioni mbili kufikia lengo anaweza kumshawishi rafiki yake mwenye duka apokee mzigo tarehe 30 na kuurudisha tarehe 3. Dalili yake huonekana kwenye takwimu: ankara kubwa katika siku tatu za mwisho wa mwezi, na hati za kurudisha mzigo katika wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata, kwa wateja wale wale. Dawa ya kawaida ni kipindi cha uangalizi. Mzigo unaorudi ndani ya siku 10 baada ya mwezi kuisha hupunguza lengo la mwezi uliopita, na unaorudi baadaye hupunguza la mwezi husika.

Dawa bora zaidi ni kuondoa genge lenyewe. Badala ya kiwango kinachoruka kwa mauzo yote, kampuni hulipa asilimia 1 hadi kufikia lengo na asilimia 3 kwa ziada tu. Machi ya 42,000,000 ingeleta 400,000 na 60,000, jumla 460,000, sawa na wastani wa karibu asilimia 1.095, na wastani huo ndio unaotumika kwa kila malipo ya ankara za Machi. Muuzaji angekuwa amelipwa takriban 383,333 kufikia Aprili; mzigo ukirudi na Machi kushuka hadi 39,000,000, angedaiwa 63,333 badala ya 380,000. Kwa hesabu ya namna hiyo, hata urejeshaji unaohesabiwa kwenye mwezi wa awali hauvunji nyumba ya mtu.

Yote haya hayawezi kufanywa na ripoti inayohesabu upya kila mwezi. Mteja akituma pesa kwa simu tarehe 29 Machi bila kutaja ankara, malipo huandikwa Machi kama salio lake, na huunganishwa na ankara Aprili kupitia `Payment Reconciliation`. Tarehe ya malipo hubaki ya Machi. Ripoti ya Machi iliendeshwa kabla ya kuunganishwa, haikuyaona; ya Aprili inatafuta tarehe za Aprili, haiyaoni pia. Kamisheni hiyo hupotea kimya kimya. Kwa hiyo mfumo unahitaji daftari la kamisheni lenye mstari mmoja kwa kila jozi ya malipo na ankara, ukionyesha kiwango kilichotumika na mwezi kilipolipwa. Kila mwisho wa mwezi hutafutwa jozi zote ambazo bado hazimo daftarini, bila kujali tarehe. Mstari uliokwisha kulipwa haubadilishwi kamwe: mzigo ukirudi, hundi ikikataliwa au kiwango kikisahihishwa, huongezwa mstari mpya wenye alama ya kutoa.

Mistari hiyo ya kutoa hufidiwa na kamisheni mpya, na salio hasi huhamia mwezi unaofuata. Kuigusa mishahara ni jambo jingine. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masharti ya makato ya ujira, likiwemo la ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi pale makato yanapohusu deni, hivyo kanuni ya kurudisha kamisheni huandikwa kwenye mkataba kabla ya mzigo wa kwanza kutoka ghalani. Mkataba huo huo hueleza hatima ya ankara ambazo hazijalipwa muuzaji anapoacha kazi: kampuni nyingine humlipa kwa makusanyo ya siku 60 au 90 baada ya kuondoka, kisha ankara zilizobaki huhamishiwa kwa anayerithi njia yake, kwa kuwa ndiye atakayezifuatilia.