Jina la Mgeni Kabla ya Kupanda Jukwaani

Katika hafla nyingi jina la mgeni huharibiwa na mtu anayesoma kwa kujiamini. Mshehereshaji aliyezoea Kiswahili amezoea pia maandishi yasiyomdanganya: herufi ikionekana, sauti yake inajulikana, na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Akikabidhiwa ratiba yenye jina la mtu kutoka Mogadishu, Durban au Beijing, huliendea kwa kanuni hizohizo, tena bila kusita, kwa kuwa herufi ni zilezile za Kilatini. Lakini kila lugha ilipozichukua herufi hizo ilizipa kazi yake, na hapo ndipo jicho linapomwingiza msomaji kwenye kosa ambalo hata hajui kwamba amelitenda.

Mfano ulio karibu zaidi na Afrika Mashariki ni Kisomali. Mwaka 1972 serikali ya Somalia ilichagua hati ya Kilatini iwe maandishi rasmi ya lugha hiyo, na zile sauti za kooni ambazo Kilatini hakina herufi zake zikapewa herufi zilizobaki bila kazi. Herufi x ikawa sauti ya ha nzito, ile inayosikika katikati ya jina Muhammad linaposomwa Kiarabu, na c ikawa sauti ya ain. Kwa hiyo jina linaloandikwa Xasan ni Hassan, Maxamed ni Mohamed, Cabdi ni Abdi, na Cali ni Ali. Mtu anayesimama mbele ya watu na kumkaribisha Bwana Kali amempa mgeni jina jingine kabisa, ilhali alikuwa na uwezo wa kulitaja vema. Waswahili wengi waliopita chuoni wanazijua sauti hizo mbili tangu utotoni. Kilichokosekana ni kuambiwa tu kwamba zimejificha nyuma ya x na c.

Kusini mwa bara mtego uko kwenye herufi h. Katika Kizulu, Kisotho na lugha za jirani zake, th si ile ya thelathini wala ph si f. Hiyo h inaonyesha kwamba t au p inatolewa pamoja na pumzi. Kwa sababu hiyo Thabo Mbeki huanza na t yenye pumzi, na katika Ramaphosa hamna f yoyote. Katika Kikuyu nako th husikika kama dh ya dhahabu, na alama ndogo juu ya irabu hubadilisha irabu yenyewe: ũ hukaribia o, na ĩ hukaribia e. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, likitamkwa Kikuyu, linasikika karibu na "Ngoghe wa Dhiong'o", na gh yake ni ile ya ghali. Sauti zote hizo zimo katika Kiswahili, ila magazeti na kadi za mwaliko huziacha zile alama, na zikishaachwa msomaji hana kitu cha kumwonya.

Mkazo nao hupotea kirahisi. Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi 2025, hutaja jina lake kwa mkazo wa mwanzoni, KA-mala, wakati ulimi wa Kiswahili hulivuta kwenda Ka-MA-la bila mtu kufikiri. Kosa la mkazo ni gumu kujigundua, kwa kuwa herufi zote zimetajwa na msemaji anaona amemaliza kazi.

Kutokana na hayo, kulitazama jina kwa makini hakutoshi, na kuuliza watu wengine hakutoshi pia. Shirika la utangazaji la BBC lina kitengo chake cha matamshi, na mizizi ya kazi hiyo inarudi hadi kamati iliyoundwa mwaka 1926 kuwashauri watangazaji. Kwa jina la mtu aliye hai, kanuni inayofuatwa katika kazi ya namna hiyo ni kutafuta jinsi mwenyewe anavyojitaja. Kanuni hiyo inafaa kuchukuliwa kama ilivyo na kila mwenye kipaza sauti, hata awe anaongoza mahafali ya shule ya kata.

Jambo lenye uzito zaidi ni namna ya kuuliza. Kosa la kawaida ni kumfuata mgeni na kumpa jibu tayari: "Jina lako ni Kali, sivyo?" Mgeni, hasa aliye ugenini, hutikisa kichwa. Anaona watu wana shughuli nyingi, hataki kuonekana msumbufu, na amekwisha kulisikia jina lake likivunjwa mara nyingi hata hashangai tena. Idhini ya namna hiyo haina maana yoyote. Swali zuri humwachia yeye aseme kwanza: "Samahani, naomba unitajie jina lako kamili kama unavyolitaja mwenyewe, nilisikie." Muulizaji hulisikiliza mpaka mwisho, kisha hulirudia kwa sauti na kuuliza, "Nimekosea wapi?" Swali hilo la pili ni bora kuliko "Ni sawa?", maana "ni sawa?" huomba huruma, na mgeni mwungwana huitoa. Akiulizwa palipokosewa, hupewa ruhusa ya kusahihisha. Si vizuri pia kuanza kwa kusema kwamba jina lake ni gumu. Kwa mwenyewe na kwa mama yake jina hilo halina ugumu wowote.

Wakati wa kuuliza ni pale wasifu wa mgeni unapoombwa, siku kadhaa kabla ya shughuli. Katika ombi lilelile anaweza kuombwa atume ujumbe wa sauti akijitambulisha kwa sentensi moja. Sauti hiyo hubaki kwenye simu na husikilizwa tena asubuhi ya siku yenyewe. Aulize mshehereshaji mwenyewe. Swali likipitia kwa katibu, katibu akampa ofisa itifaki, naye ofisa akamnong'oneza mshehereshaji mlangoni, kila mdomo huwa umeongeza kosa lake.

Pamoja na matamshi, hapo ndipo mahali pa kuuliza mgeni aitwe kwa jina lipi. Waethiopia wengi hawana jina la ukoo. Jina la pili ni la baba. Kwa hiyo Abiy Ahmed akiitwa kwa kifupi ni Dk. Abiy, na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani hujulikana kama Dk. Tedros. Wachina, kinyume chake, hutanguliza jina la ukoo, hivyo katika Xi Jinping jina la ukoo ni Xi. Mtu anaweza kutamka kila sauti vizuri na bado akamwita mgeni kwa jina la baba yake.

Baada ya kusikia huja kuandika. Jina huandikwa upya kwenye kadi kwa silabi za Kiswahili, na silabi yenye mkazo huandikwa kwa herufi kubwa. Aandike yule atakayesoma, kwa sikio lake. Mwongozo unaotoka kwa mzungumzaji wa Kiingereza huleta mtego mwingine, kwa kuwa yeye humwandikia mwenzake: akiandika "Shee" kwa ajili ya Xi, anakusudia sauti ya shi, lakini Mswahili atasoma she.

Kazi yote inaweza kuonekana katika jina moja. Tuseme mshehereshaji jijini Dar es Salaam anajiandaa kumkaribisha Nkosazana Dlamini-Zuma, daktari wa tiba na mwanasiasa wa Afrika Kusini aliyeongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika kuanzia 2012 hadi 2017. Nkosazana haimpi tabu: silabi zake zinaishia na irabu, na mkazo uko pale Mswahili anapoutarajia. Kigingi ni Dlamini. Ulimi wa Kiswahili hauvumilii konsonanti mbili za namna hiyo kukaa pamoja, hivyo huchomeka irabu na kusema "Dilamini", au huitupa d na kusema "Lamini". Kumbe herufi dl katika Kizulu ni alama ya sauti moja.

Sauti hiyo hujengwa kwa hatua. Ncha ya ulimi huwekwa nyuma ya meno ya juu, kama mtu anayeanza kusema la, na hubaki hapohapo. Kisha hewa inasukumwa ipite pembeni mwa ulimi kwa msuguano, bila koo kutetema. Sauti inayotoka ndiyo hl, iliyomo mara mbili katika Rolihlahla, jina alilopewa Nelson Mandela na baba yake. Ulimi ukiwa palepale, koo likiruhusiwa kutetema, hl hugeuka kuwa dl. Alama ya kufaulu ni kwamba msuguano unasikika pembeni, karibu na mashavu, na hakuna irabu iliyojipenyeza ndani ya sauti hiyo. Kidole kikiwekwa kooni hutofautisha sauti hizo mbili.

Baada ya hapo jina hufanyiwa mazoezi kutoka mwisho kwenda mwanzo: ni, mini, Dlamini. Njia hii husaidia kwa sababu kila raundi huishia kwenye sehemu ambayo mdomo umeshaizoea, na pumzi haikatiki njiani. Halafu jina huwekwa ndani ya sentensi nzima itakayosemwa, pamoja na cheo, kwa kuwa jina lililotoka vizuri peke yake huweza kukwama likitanguliwa na "Mheshimiwa Daktari". Kituo kifupi kabla ya jina humpa msemaji nafasi ya kuuandaa ulimi.

Inawezekana sauti isipatikane kabisa kwa siku mbili tatu. Hilo si aibu, kwani wapo watu wazima wengi wanaoshindwa vidoko vya Kixhosa baada ya miaka. Anachoweza kufanya mshehereshaji ni kumwambia mgeni waziwazi na kumuuliza sauti ipi ya karibu anairidhia. Kinyume chake pia hutokea: mgeni aliyeishi muda mrefu ughaibuni hutaja jina lake kwa namna iliyolegezwa, na mshehereshaji anayeijua lugha ya asili hutamani kulirudisha. Asifanye hivyo. Namna anayoichagua mgeni ndiyo inayosomwa.

Jina likikosewa jukwaani, linatamkwa tena mara moja kwa usahihi, kwa neno "samahani" tu, na shughuli inaendelea. Maelezo marefu humlazimisha mgeni kumfariji aliyemkosea, na mzaha juu ya ugumu wa jina huwafanya watu walicheke jina lenyewe. Mgeni akisahihisha mwenyewe, jina hutumika tena katika sentensi inayofuata ili ajue amesikika.

Kadi ile haimalizi kazi yake pale mgeni anaposimama. Mgeni rasmi atamtaja katika hotuba yake, waandishi wa habari watamtaja jioni redioni, na mtoa neno la shukrani, ambaye mara nyingi huteuliwa dakika za mwisho, ndiye aliye hatarini zaidi. Nakala ya kadi hupelekwa kwake kabla hajaitwa, na mshehereshaji humtajia jina hilo kwa sauti, taratibu, kisha humsubiri alirudie.