Feni Ihesabiwe kwa Filta Chafu, Si kwa Filta Mpya

Kaskazi iliyopita niliitwa kwenye ukumbi mmoja hapa Magarini, kando ya barabara ya kwenda Garsen. Mtambo wa hewa juu ya paa ulikuwa na miezi minne tu, na tayari ukumbi ni joto. Fundi wa kwanza alisema gesi imekwisha. Wa pili akasema filta ndizo zinazobana hewa, akazitoa kabisa. Ukumbi ukapoa wiki mbili, kisha ukawa moto kuliko mwanzo. Nilipofungua nikakuta koili imejaa tope: vumbi lilikutana na maji ya koili baridi, likaganda kati ya mapezi yake.

Kosa halikuwa la gesi wala la filta. Lilifanyika mezani, kabla mtambo haujanunuliwa.

Tuanze na vumbi lenyewe. Huku kwetu ni ya aina mbili. Liko la barabarani, nene, lile unalolifuta mezani asubuhi na jioni limerudi. Liko pia la moshi wa magari na takataka zinazochomwa, jembamba mno, nalo ndilo linaloingia ndani kabisa ya mapafu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 16890, kilichotoka mwaka 2016, hupanga filta kwa vumbi zinaloweza kulikamata. Zile za vumbi nene huitwa Coarse, na mafundi wengi bado huziita G4 kwa jina la zamani. Zile zinazokamata angalau nusu ya chembe nyembamba kabisa huitwa ePM1; F7 ya zamani iko karibu na hapo.

Ukumbi ule uliwekewa ePM1 peke yake. Ni filta nzuri, lakini kuipelekea vumbi la barabara ni kama kuchekecha mchanga kwa kichujio cha chai. Huziba upesi. Mahali kama petu panataka mbili: Coarse mbele ipokee vumbi nene, ePM1 nyuma ipokee moshi.

Sasa shinikizo. Kila filta huizuia hewa kidogo, na uzuiaji huo hupimwa kwa paskali. Paskali 10 ni sawa na milimita moja ya maji kwenye mpira mwangavu uliokunjwa kama herufi U, ncha moja mbele ya filta na nyingine nyuma yake.

Mtambo ule unasukuma mita za ujazo 6,800 kwa saa kupitia filta mbili za futi mbili kwa mbili. Koili na mifereji ya bati hula paskali 350. Filta mpya ya ePM1 hula 100. Aliyechora akajumlisha, akapata 450, akanunua feni ya 450. Hakuacha chochote kwa ajili ya uchafu. Filta ilipoanza kujaa, hewa ikapungua siku baada ya siku.

Hesabu sahihi ni hii. Kiwango cha Ulaya cha EN 13053 cha mwaka 2019 kinasema Coarse itolewe ikiongeza paskali 50 juu ya upya wake, na ePM1 ikiongeza 100. Au uzuiaji ukifika mara tatu ya ule wa filta mpya, lolote litakalotangulia. Coarse mpya ni 50, basi mwisho wake ni 100. ePM1 mpya ni 100, mwisho wake 200. Jumlisha na 350 za mtambo: feni itafutwe ya 650. Ile ya 450 ilipungukiwa na paskali 200.

Tuliosha koili, tukaweka filta mbili, tukabadilisha puli ili feni iongeze kasi, na tukapima ampea za mota zisizidi zilizoandikwa kwenye kibao chake. Filta zikiwa mpya hewa huzidi, kwa hiyo kilango cha hewa hubanwa kidogo, kisha hufunguliwa zinavyochafuka.

Usikubali kuambiwa ubadilishe filta kila baada ya miezi mitatu. Tazama maji kwenye mpira. Kwa mtambo huu, yakitofautiana milimita 10 kwenye Coarse, itoe. Milimita 20 kwenye ePM1, itoe. Kila paskali 100 za ziada hapa hula karibu wati 380 za umeme, feni ikiwa na ufanisi wa nusu.

Na wenzangu wa Gongoni na Marereni, penye mashamba ya chumvi, mna la ziada. Chumvi iliyonaswa kwenye filta hunywa unyevu wa hewa unapopita asilimia 75, ikalowa, na uzuiaji ukapanda hata bila vumbi jipya. Msinunue filta ya karatasi; chukueni ya nyuzi za plastiki, na msome mpira alfajiri, hewa ikiwa nzito.

Ukinunua mtambo, muulize muuzaji swali moja kabla ya kutia sahihi: feni hii imehesabiwa kwa filta mpya au chafu? Akisitasita, kalamu irudi mfukoni.