Wakati Ujao Unaozungumzia Sasa: Jinsi Wahispania Wanavyokisia na Kuomba

Ukiuliza katika ofisi moja ya Madrid Ana yuko wapi, unaweza kujibiwa kwa namna mbili. Anayesema *Está en casa* ana uhakika kwamba Ana yuko nyumbani. Anayesema *Estará en casa* ametumia wakati ujao, lakini hazungumzii kesho. Anakisia tu: saa hizi atakuwa nyumbani. Nasi husema “atakuwa amelala” juu ya mtu asiyepokea simu.

Umbo lenyewe si gumu. Chukua kitenzi kizima, kama *hablar*, yaani kuzungumza, ukiongeze kiishio: *hablaré*, nitazungumza, *hablaría*, ningezungumza. Vitenzi vichache hubadili shina, ila hulibadili kwa namna ileile pande zote mbili. *Tener*, kuwa na kitu, hutoa *tendré* na *tendría*.

Katika mazungumzo ya kila siku, habari za kesho husemwa zaidi kwa *voy a*: *Mañana voy a hablar con ella*, kesho nitazungumza naye. Kwa hiyo ukisikia *estará* au *será* katika habari ya sasa hivi, elewa kwamba msemaji anabuni. Mlango ukibishwa, aliye ndani huuliza *¿Quién será?* Ni nani huyo, jamani?

Kisio likihusu jana, umbo la -nge- ndilo hushika zamu. Ana hakuja kazini jana. Mwenzake anasema *Estaría enferma*, huenda alikuwa mgonjwa. *Serían las diez cuando llegó*: ilikuwa yapata saa nne alipofika.

Umbo hilohilo hulainisha ombi. *¿Puede abrir la ventana?* ni kuuliza kama unaweza kufungua dirisha. *¿Podría abrir la ventana?* ni ombi lenye heshima zaidi, linalomfaa mtu mzima usiyemjua. Pia kuna *Me gustaría hablar con usted*, ningependa kuzungumza nawe. Lakini katika mikahawa ya Hispania wateja wengi huagiza kwa wakati uliopo, *¿Me pones un café?*, wala hawahesabiwi kuwa watovu wa adabu.

Mtego kwa Mswahili uko kwenye sharti. Sisi huweka -nge- pande zote mbili: ningekuwa na pesa, ningenunua nyumba. Ukifuata njia hiyo utasema *Si tendría dinero, compraría una casa*. Hata kaskazini mwa Hispania, hasa katika nchi ya Wabaski, wapo wanaosema hivyo, ila katika Kihispania sanifu ni kosa. Baada ya *si* ya sharti huja umbo jingine, *tuviera*: *Si tuviera dinero, compraría una casa*. Kiishio cha *-ía* kinachomaanisha -nge- hukaa upande wa matokeo peke yake.